Chuma cha Stanislaus

Kipriani wa Heru Juu alikuwa mfuga nyuki. Alikuwa na mizinga arobaini kwenye miti ya bondeni, na watu wa Kasulu walikuja kununua asali kwake tangu enzi za baba yake. Mimi nilimfahamu zaidi wodini, maana nilikuwa mhudumu katika hospitali ya misheni juu ya bonde hilo, kazi yangu kupiga deki na kubeba chupa za mikojo kupeleka maabara.

Alianza kuja mwaka wa 1973. Mifupa yake iliacha kutengeneza damu. Hakuna aliyejua sababu. Dawa pekee ilikuwa damu ya watu wengine, chupa mbili kila mwezi, la sivyo hakuweza hata kufika chooni. Ndugu zake walijipanga kumtolea, na wa kwanza kulala kitandani alikuwa Stanislaus, jirani yake.

Stanislaus hakuwa jirani tu. Walipokuwa vijana walikuwa wamenywana. Kwetu, watu wawili wakinywana huchanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake katika pombe ya mtama, na mshuhudiaji akasema maneno: atakayemsaliti mwenzake, damu hii imuue tumboni. Baada ya hapo mnaitana munywanyi, na mnakuwa zaidi ya ndugu wa mama mmoja. Kwa hiyo damu ya chupani haikumshangaza Kipriani. Alisema, "Huyu nilishamnywa zamani, ananiongeza tu."

Halafu ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Stanislaus akaingia katika kamati ya kugawa viwanja. Siku ya kupima, Kipriani alikuwa wodini amelala na chupa mkononi. Aliporudi akakuta bonde lake la mizinga na migomba limeandikwa kwa Stanislaus.

Alimfuata hadi mlangoni.

"Umenila, munywanyi wangu?"

"Ni kamati, Kipriani. Wewe ni mgonjwa, utalima na nini?"

Tangu siku hiyo Kipriani alingoja, huku Stanislaus akiendelea kumtolea damu kwa zamu yake. Alikuwa na uhakika kwamba kiapo kitafanya kazi yake, na Stanislaus atavimba tumbo afe. Kila Jumapili kanisani alimtazama tumbo. Stanislaus akazidi kunenepa.

Aliyebadilika ni Kipriani mwenyewe. Mwaka wa 1977 ngozi yake ilianza kuwa na weusi wa ajabu, weusi wenye kijivu ndani yake, kama chungu kilichokaa motoni. Upande wa kulia chini ya mbavu paligeuka pagumu. Akawa na kiu isiyoisha, na mahali alipokojoa palijaa sisimizi. Hapo ndipo alipoipata maana yake. Stanislaus alikuwa ameituma laana ndani ya chupa. Kiapo kilichopaswa kumuua mwenye kosa alikigeuza, akampa mwenye haki akinywe kwa mshipa.

"Nikifa," aliniambia nikimbadilishia shuka, "nitakuwa nimeshatangulia kuichoma nyumba yake."

Mimi si mtu wa maneno. Lakini nilimweleza daktari, kwa sababu niliona kiberiti chini ya mto.

Daktari wetu wakati huo alikuwa mama mmoja aitwaye Asia, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alimbonyeza ini, akasikiliza moyo, akapima sukari kwenye mkojo. Kisha akavuta kiti.

"Mzee Kipriani, umelogwa na chuma."

"Chuma gani?"

"Wekundu wa damu ni chuma. Kila chupa ina chuma kidogo, kama msumari mdogo. Mwili unajua kukiingiza, lakini hauna mlango wa kukitoa kingi. Umepokea chupa zaidi ya mia moja. Misumari yote hiyo imelala kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kiungo kinachotawala sukari, na kwenye ngozi. Ndiyo weusi huo."

"Kwa hiyo ni misumari ya Stanislaus."

"Ya kila aliyekutolea. Hata yangu imo, nilikutolea Pasaka." Akaona kikopo kidogo kando ya kitanda. "Na hivi vidonge vyekundu?"

"Vya kuongeza damu. Nanunua dukani Kasulu, nakunywa kila siku."

"Ni chuma kitupu!" Akavitia mfukoni mwake. "Wako watu Ulaya wanaozaliwa na ugonjwa wa kunyonya chuma kingi mno kutoka kwenye chakula. Wao hutibiwa kwa kutolewa damu, chupa baada ya chupa, chuma kinatoka nayo. Wewe nikikutoa damu nitakuua. Kwako iko sindano."

Alieleza kwamba dawa ile ni kama koleo la mhunzi. Inaingia mwilini, inakikamata chuma kilicholegea, na chuma kikishabanwa kinaweza kupita kwenye figo kutoka na mkojo, na kingine na choo. Lakini koleo halikai muda mrefu mwilini, kwa hiyo sindano ni kila siku, siku sita kwa wiki, na kazi ni ya miaka. Boksi la kwanza lilitoka Dar es Salaam.

Asubuhi ya sindano ya kwanza, mimi ndiye niliyepokea chupa ya mkojo. Ulikuwa mwekundu wa kahawia, kama maji ya mtoni baada ya mvua. Kipriani aliutazama kwenye mwanga wa dirisha, akacheka mpaka akakohoa.

"Nipe hiyo."

"Ni ya maabara, mzee."

"Wapimie nusu. Nusu ni yangu."

Nilimpa. Akatoka nayo, akatembea polepole hadi kwenye lile bonde. Stanislaus alikuwa akikata majani ya migomba kando ya jiko lake.

"Damu yako hii," Kipriani alisema, "nakurudishia." Akamwaga kwenye shina la mgomba.

"Umeshakuwa mwendawazimu, Kipriani? Nimekutolea chupa kumi na tano tu. Nyingine ni za mkeo na ndugu zako!"

"Basi pokea na salamu zao."

Mwezi uliofuata damu yake ilishuka sana. Wale ndugu wa kundi lake la damu walikuwa wametoa juzi tu, na waliobaki damu zao hazikupatana na yake. Alibaki mmoja. Stanislaus alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi.

"Nitatoa. Shamba sirudishi."

Kipriani akageukia ukutani. "Afadhali nife."

"Sawa," daktari alisema. "Utakufa kabla ya Jumapili."

Niliendelea kupiga deki pale pale nilipokwisha kupiga. Najua alichokuwa akifikiri, kwa sababu aliniambia baadaye. Alimwona Stanislaus mazikoni pake akinywa pombe ya matanga, na bonde lote nyuma yake, na hakuna mtu wa kumsumbua tena duniani.

Akageuka.

"Mama daktari, huyu atoe kila baada ya miezi mitatu?"

"Akiwa na afya, ndiyo."

"Basi mlaze. Chupa ijae, usimhurumie."

Stanislaus akalala, akakunja ngumi na kuifungua kama alivyoagizwa, akitazama dari. Kipriani alimtazama yeye.

Sasa ni mwaka wa pili. Sukari haikurudi kuwa sawa, na moyo humchosha akipanda kilima. Lakini ngozi imeanza kung'aa kidogo, na kiberiti alinipa mimi. Kila asubuhi akishachomwa sindano anakunywa maji mengi, anachukua fimbo yake, anateremka bondeni bila haraka. Stanislaus amehamisha jiko lake mara mbili kulikimbia lile shina la mgomba. Juzi alikuja kumlalamikia daktari.

Daktari alimwambia wodi haina sheria ya mahali mtu anapokojoa.