Spika Aliyoituma Kaka

Kaka aliituma kwa basi kutoka Geita, spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni. Mama alikuwa mzito wa kusikia, na televisheni yetu pale mtaani Kambarage, hata ukiipandisha mpaka mwisho, kwake ilikuwa inanong'ona. Boksi lilikaa chini ya kitanda muda wote wa msiba. Nyumba yenye matanga haiwashi hata redio.

Asubuhi ya siku ambayo duara, shimo la dhahabu alimokuwa anachimba, lilimfukia, kaka alijirekodi video. Ilitufikia kwenye simu baada ya habari za kifo chake. Mama alimwona akicheka na kuongea, asisikie kitu. Baba mdogo akamwambia, "Anakusalimia tu, shemeji." Sote tukaitikia.

Matanga yalipoanuliwa, mama aliniita mchana. "Nifungie spika ya mwanangu. Nataka nimsikie mwenyewe."

Kukataa nisingeweza.

Niliiweka video kwenye flashi, nikachomeka waya wa HDMI wa spika kwenye tundu la kwanza nililoliona nyuma ya televisheni. Sauti ikaendelea kutoka mle mle kwenye televisheni. Nilifurahi, sifichi. Nikamwambia mama imegoma.

"Mwanangu hawezi kuniletea kitu kibovu," akasema, kwa hasira. "Angalia tena!"

Nikaangalia. Matundu yalikuwa mawili, na moja tu liliandikwa ARC, ndilo linaloirudisha sauti ya televisheni kwenye spika. Nikauhamishia waya hapo. Upande wa spika ulikuwa sawa, kwenye tundu lenye maandishi hayo hayo. Spika bado kimya. Nikabonyeza rimoti ya spika mpaka ikaandika ARC, nikaingia mipangilio ya televisheni, nikawasha CEC ili vifaa hivyo viwili vielewane. Kisha nikafungua sehemu ya sauti. Palikuwa na alama kwenye "Spika za TV". Chini yake: "HDMI ARC".

Nilikaa na rimoti mkononi kama mjinga. Ningeiacha pale pale, nani angejua? Lakini mama alikuwa ameshavuta kigoda mbele, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayesubiri mgeni. Nikachagua ARC.

Sauti ya kaka ikajaa sebuleni.

"Shikamoo mama."

Mama akashtuka, akashika kifua. "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu!" Machozi na kicheko vikamtoka pamoja, na mimi nikamchukia baba mdogo, nikajichukia na mimi, kwa sababu nilijua kinachofuata.

"Mama, spika nitakuja kukufungia," kaka akasema huku akicheka. Akageuka kutazama nyuma, wenzake walikokuwa wanamwita ashuke shimoni. Akainamia simu. "Ila nimechoka na haya maduara. Naogopa, mama. Ukiniambia nirudi, leo hii napanda basi."

Video ikaisha. Mama hakunitazama. Alisogea mpaka magoti yakagusa meza, akaikaribia ile spika, akasema taratibu, "Rudi, baba. Rudi nyumbani."