Jibu la Hedwiga Mbele ya Wazee wa Kanisa

Mwaka wa tisini na sita, Hedwiga alikuwa ametimiza miaka sita akinunua valiamu, vidonge vya usingizi, mtaani Kwa Mrombo, bila cheti cha daktari. Maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na muuzaji alishamzoea. "Zile za mzee?" Hedwiga aliitikia kwa kichwa tu.

Mzee ni mumewe Elihuruma, mzee wa kanisa katika usharika wao wa Elerai. Tangu wamzike mtoto wao Philemoni, usingizi ulimkimbia. Alianza na kidonge kimoja, vikafika vinne kila siku. Lakini alimwapisha mkewe: kanisani wasijue. Maana yeye ndiye aliyekuwa akienda kuwaambia wafiwa kwamba sala inatosha.

Jumamosi moja aliteleza kwenye ngazi akipaka rangi kanisani, bega likateguka. Wazee wenzake wakampeleka hospitali, Hedwiga nyuma yao.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Melkizedeki. "Kuna dawa yoyote anayotumia mzee?"

Elihuruma alimkazia mkewe macho. Mzee Lemburis, mmoja wa wazee waliomleta, akacheka. "Huyu? Hata panadoli anaikemea kama pepo!"

"Hatumii, mwanangu," akasema Hedwiga.

Wakamchoma valiamu kwenye mshipa ili misuli ilegee, bega lirudishwe. Haikulegea. Wakaongeza, wakaongeza tena. Bega liliporudi na maumivu kukatika, usingizi wa dozi zote ukamwelemea kwa pamoja. Pumzi zikapungua, midomo ikaiva rangi ya zambarau. Nesi akawa anamsukumia hewa kwa mfuko.

Daktari akachukua kichupa cha flumazenili. "Hii inaitoa valiamu kwenye kiti chake ubongoni, mama. Ataamka."

Akaiingiza kidogo kidogo. Hazikupita dakika mbili, Elihuruma akafumbua macho. "Mama Philemoni, mbona unalia?"

Kabla hajajibiwa, taya likakakamaa, mwili mzima ukaanza kutupwatupwa.

"Nimekudanganya!" Hedwiga alipiga kelele. "Anameza vinne kila siku, miaka sita sasa!"

Daktari alifumba macho kidogo. "Basi ubongo wake ulishaizoea, mama. Valiamu ndiyo breki yake, nasi tumeing'oa kwa mkupuo."

"Si umrudishie!"

"Haitapata pa kukaa. Hii ya kuamsha ingali imekalia kiti."

Akachoma fenobabitoni, dawa nyingine ya kutuliza degedege. Degedege likatulia, likarudi, na katikati yake akatapika, matapishi yakaingia mapafuni. Siku ya tatu, homa ya mapafu ikamchukua.

Jioni hiyo Mzee Lemburis alikuja kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa ibadani. "Mama Philemoni, tuseme aliugua nini?"

"Andika kwamba hakuweza kulala. Alimeza valiamu miaka sita, na mimi nilipoulizwa na daktari nilikana, kwa sababu ninyi mlikuwa mmesimama pale."

Lemburis aliweka kalamu chini. "Hilo si la kusomwa kanisani, mama."

Hedwiga akavuta karatasi, akaanza kuliandika mwenyewe, polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi.