Picha ya Droo Iliyogoma Kufunga

Hasira zangu ziko karibu, hata wateja wangu wa Kilosa wanalijua hilo. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alipoingia karakanani akitokea Mikumi na picha ya droo badala ya droo yenyewe, nilianza kugomba hata sijamwamkia.

Alikuwa msafishaji kwenye hoteli ya wageni wa mbugani. Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, na fanicha zilikuja kwa makontena zikiwa na vyuma tusivyovijua. Droo moja ya chumba alichokuwa akikisafisha ilikuwa haifungi, inabaki nje upana wa vidole viwili. Meneja alikuwa anarudi Jumatatu, na msafishaji mwenzake alishafukuzwa kwa sababu ya kuvunja kioo tu. Shemeji ni mjane, ana watoto wanne. Alimwomba mpiga picha wa watalii aipige ikiwa imevutwa nje.

Niliitupia jicho. Haikuwa na vile vigurudumu vya plastiki tulivyovizoea. Ubavuni mwa droo kulikuwa na chuma chembamba cha vipande vitatu vilivyoingiana, na droo ilikuwa imetoka yote mpaka mgongo wake.

"Reli za gololi, za pembeni," nikasema. "Nitaagiza Morogoro. Umeisukuma kwa goti, ndiyo maana imekufa."

Droo zetu za mninga huvimba masika. Tunazipaka sabuni ya mche na kuzimalizia kwa goti.

Alilia. "Goti sikuliweka, shemeji. Naogopa hata kuigusa."

Nikaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga. Mwisho wa reli, ndani ya kabati, kulikuwa na kiboksi cheusi nilichodhani ni kivuli. Vya namna hiyo nilishaviona Dar mara moja. Droo ikikaribia kufunga, kindoano cha ndani ya kiboksi hudaka pini ya droo, springi huivuta, na kizuizi huipunguza mwendo isipige kishindo. Droo ikiwa wazi, kindoano hukaa mbele kikisubiri. Kwenye picha kilikuwa kimesharudi nyuma. Kimefyatuka mapema, pini inakigonga tu. Hakuna kilichovunjika.

Niliona aibu. Reli zangu za kawaida zingepiga kishindo kati ya droo zilizo kimya, na meneja angejua siku hiyo hiyo.

"Isukume kwa nguvu mpaka isikike ikidaka," nikamwambia.

"Nguvu kiasi gani?"

"Kwa goti, shemeji. Kama ya nyumbani kwako."

Jumapili alipiga simu kwenye duka la jirani, wakaniita.

"Imejivuta yenyewe," alisema. "Polepole."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikakumbuka nilipoanzia kumkosea.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," akajibu, analia na kucheka.