Muwasho wa Mama Mkwe

Kwanza nilimlaumu muuza sabuni. Halafu nikalaumu ile aproni ya plastiki tunayofunga kiunoni tukichuma majani chai asubuhi kukiwa na umande, halafu mbolea, halafu suruali ya ndani ya nailoni niliyouziwa sokoni Litein na mwanamke ambaye sikumpenda tangu siku ya kwanza. Kila mtu alikuwa na makosa. Mimi nilikuwa nawashwa huko chini, nje ya uke, upande wa kushoto, na huo muwasho ulikuwa mgeni asiyejua kuaga.

Mimi ni mjane, nimepita miaka sitini, nina ng'ombe wawili wa gredi na kipande cha chai. Mtu kama mimi ana saa ngapi ya kujikuna? Lakini jioni nikishavua gambuti na kukaa, wee! Ungedhani siafu wamepanga nyumba. Kanisani, maombi yakirefuka, nilikuwa nabana magoti na kusema amina kabla ya wengine ili mchungaji amalize.

Nilienda kwa kemisti. Nilisema neno moja tu, "fangasi," kwa sauti ya kuungama, na kijana akanipa krimu na vidonge vya kuingiza. Muwasho ukatulia kidogo, ukarudi. Nikaenda kemisti mwingine, maana yule wa kwanza angenijua uso, na huko nako nikasema fangasi. Hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na hamu ya kuulizwa. Dawa zilipokwisha nikageukia mafuta ya kukamulia. Mafuta yale yanaponya chuchu za ng'ombe, midomo iliyopasuka na visigino vya mchungaji mwenyewe, kwa nini yasiniponye mimi? Haki ya Mungu, nilinuka kama zizi.

Siku moja nilichukua kioo cha marehemu mume wangu, kile cha kunyolea ndevu, nikafunga mlango. Tangu nizaliwe sikuwa nimejitazama huko. Niliona doa jeupe, ngozi nyembamba yenye kung'aa kama ganda la kitunguu. Nikakirudisha kioo haraka kama kimenitukana. Kisha nikajipa jibu mwenyewe: ni kovu.

Nieleze hapo, kwa sababu hilo jibu ndilo lililokaribia kunizika. Sisi wa rika langu tulitahiriwa tukiwa wasichana. Siku hizi wanaita ukeketaji, ni hatia, na ni vizuri iwe hatia. Lakini alama haifutwi na sheria. Kila kitu kibaya kilichotupata huko chini tangu siku hiyo, iwe uchungu wa kuzaa au wa ndoa, tulisema ni kovu, tukanyamaza. Tukifundishana chochote, ni kunyamaza. Na nikiwaza kupanua miguu mbele ya nesi mdogo kuliko binti yangu, aone nilivyokatwa, anihurumie au anikaripie, nilikuwa naona afadhali niwashwe.

Halafu kulikuwa na mkwe wangu. Zahanati iliyo karibu nasi, daktari wake ndiye mume wa binti yangu. Ni klinikal ofisa, lakini kwetu mtu akivaa koti jeupe ni daktari, yamekwisha. Kijana mzuri, mpole, amezalisha nusu ya watoto wa upande ule wa Kapsoit. Lakini ni mkwe. Kwa malezi yangu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono. Hawaketi benchi moja. Akiingia sebuleni mimi ninakuwa na kazi jikoni. Vijana wengine wameacha mambo hayo, wanakumbatiana na wakwe zao mpaka kwenye picha. Mimi na wangu hatukuacha, na kwa kweli tulipendana sana kwa umbali huo.

Doa likaendelea. Nyeupe ikapata wekundu katikati, kidonda kidogo ambacho hakikufunga. Mkojo ukipita unachoma kama pilipili. Kisha asubuhi moja nikaona damu kwenye nguo, mimi ambaye nimeaga hedhi zamani. Nikaketi kitandani nikaogopa, tena niliogopa sana.

Jumapili hiyo nilikuwa Kapsoit kwa binti yangu. Tukiwa jikoni tunachambua maharagwe, nikamwambia polepole kwamba jirani yangu mmoja ana fangasi sugu, je, mume wake anaweza kutuma dawa kali kidogo? Binti yangu aliniangalia. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Kazi ya maharagwe hakuna mtu anaifanya akiwa wima. Akaingia sebuleni, na mlango wa pale ni pazia tu.

Nikasikia mkwe akisema, "Dawa kali mimi sipeani kwa kitu mtu hajaangalia. Hebu uliza mama, huyo jirani ameanza kuwashwa lini?"

Binti yangu akarudi. "Anauliza ameanza lini."

Nilikuwa nimemsikia vizuri, hata ng'ombe nje alikuwa amemsikia. Lakini adabu ni adabu. "Mwambie ni kama miaka miwili."

Akaenda na jibu, akarudi na swali. Ametumia dawa gani? Za fangasi, mara nyingi. Zilisaidia? Zinatuliza, halafu muwasho unarudi. Ngozi imebadilika rangi? Hapo nilichambua maharagwe kumi hivi kabla ya kujibu. Nyeupe, nikasema, na siku hizi nyekundu. Sebuleni kikombe kikawekwa mezani taratibu.

"Muulize," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kuna kidonda? Kuna uvimbe? Huyo jirani anatoka damu?"

Binti yangu alisimama kwenye pazia, mguu mmoja huku, mwingine kule. Hakulibeba swali. Machozi yalikuwa yanamshuka, na akasema, "Mama, ng'ombe akiwa na kidonda kwa chuchu unaita daktari siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, mama! Kwani wewe ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Sijui ni kitu gani kilinishika, hasira au huruma. Nikaweka ungo chini na kuliambia pazia, kwa sauti yangu mwenyewe, "Anatoka damu. Na hakuna jirani."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo kumjibu ana kwa ana, hata kama kulikuwa na kitambaa kati yetu. Nikangoja dari ianguke. Mkwe wangu akasema tu, "Asante, mama. Inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi wa kawaida, inaweza kuwa mbaya. Mimi siwezi kukuangalia, na sitaki ubahatishe. Kesho twende Kericho, kuna daktari wa kina mama, ni mwanamke."

"Mficha uchi hazai," binti yangu akaongeza, akipangusa uso.

"Mimi nimezaa watano," nikamwambia. "Nilishamaliza." Tukacheka wote, na upande wa pili wa pazia nikasikia mtu akikohoa kuficha kicheko.

Kericho, mkwe alitufikisha kwenye geti la hospitali akabaki nje, kofia mkononi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vya joto. Niliomba msamaha kabla hajafungua kitu. Nikamwambia atakuta kovu la ujana, asishtuke, ndilo linaloniwasha.

"Mama," akasema, "nimeona makovu mengi, hakuna hata moja lililonishtua. Lakini kovu la miaka hamsini halianzi kukua leo." Akaangalia kwa taa, akapapasa kinena pande zote mbili kutafuta tezi zilizovimba, hakuzipata. Akanipima pia mlango wa kizazi, na damu kutafuta virusi vya Ukimwi, akasema hivyo vyote viko sawa. Kisha akanieleza doa. Weupe ule ni ugonjwa wa ngozi, unakuja sana kwa wanawake wa umri wangu, hauambukizi, na una mafuta yake maalum yenye nguvu ambayo kemisti hakunipa kwa sababu hakuona kitu cha kumfanya anipe. Ukiachwa, kwa wanawake wachache unageuka. Pale penye wekundu na kidonda hapendi anavyopaona. Alichoma sindano ya ganzi, ile ndiyo iliuma, akakata kipande kidogo kama punje ya mtama kipelekwe maabara. "Kuangalia kwa macho hakutoshi," alisema.

Wiki za kungoja sitazisimulia, nilikuwa mkali kwa kila mtu. Majibu yalipotoka, alinishika bega akasema ni saratani ya ngozi ya nje ya uke. Nililia kwa sauti kama mtoto, sina aibu. Aliniacha nilie, kisha akasema neno nililolishika kama kamba: mapema. Ilikuwa imezama kidogo sana, hata milimita moja haijafika, kwa hiyo angetoa doa lote pamoja na ngozi kidogo ya pembeni iliyo nzima, na tezi za kinena hangehitaji kuzigusa. Ningekaa mwaka mwingine na mafuta yangu ya ng'ombe, alisema, pengine tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Nilipasuliwa. Kukaa kulikuwa kazi, kukojoa nilijimwagia maji ya uvuguvugu nikitaja malaika wote. Binti yangu aliniosha. Mimi niliyemficha siri miaka miwili nililala pale akanisafisha mshono asubuhi na jioni, akiimba nyimbo za kanisa ili nisione haya, na jamani, nilimpenda mtoto huyo mpaka kifua kikauma.

Siku ya kurudi kusikia kama pembeni pa kile kilichokatwa pamebaki kitu, mkwe alitupeleka tena na akabaki getini tena. Daktari alisoma. Pembeni pote ni safi. Nitapaka mafuta yale maalum, nitarudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, na nikiona doa au kidonda kipya nisingoje tarehe. Nikamshukuru kwa lugha yetu, kongoi, kongoi, mpaka akanicheka.

Binti yangu alibaki dirishani kuchukua dawa. Nikatoka peke yangu, nikitembea kama bata. Mkwe wangu aliniona. Akavua kofia, akatazama chini. Hapo ndipo nilipoelewa shida yake: hakukuwa na mtu wa kumbebea swali. Alitaka kujua kuliko kitu chochote, midomo ilikuwa inamcheza, na adabu aliyofundishwa na mama yake ilimziba. Angesimama pale mpaka jioni bila kuniuliza.

Nikamwendea mpaka karibu, karibu kuliko siku zote. Nikanyoosha mkono.

Aliuangalia kama hajui ni kitu gani. Kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili, ilikuwa baridi na imelowa jasho.

"Jirani amesema asante," nikamwambia. "Imetoka yote."

Akalia pale getini watu wakipita. Sikuutoa mkono wangu mpaka binti yangu alipofika na dawa.