Mstari Nilioufuta kwenye Makadirio ya Fundi Bomba

Karatasi aliyoniletea yule fundi bomba ilikuwa imechanwa kutoka kwenye daftari la hesabu, lile lenye vijumba, na alikuwa ameijaza pande zote mbili bila kuacha hata nafasi ya kupumua. Aliiweka juu ya meza yangu ya steshenari hapa Majengo, akaisawazisha kwa kiganja, akasema, "Shikamoo mama. Naomba unichapie. Ila usinichapie hivihivi. Nitengenezee ieleweke."

Mimi ni mhazili mstaafu. Miaka mingi nilichapa barua za wakubwa, na ugonjwa niliotoka nao kazini ni kutovumilia karatasi mbaya. Hii ilikuwa mbaya kwelikweli. Sentensi ilianzia kwenye tenki la maji, ikapita jikoni, ikaingia bafuni, ikabeba elbo, vile viungo vya kona, na koki na ufundi na "vifaa vidogo vidogo n.k.", ikatokea chooni bila nukta hata moja. Chini kabisa kulikuwa na jumla iliyopigiwa mistari miwili, na chini ya jumla maneno haya: Bei hizi ni za leo. Leo ipi, hakusema.

"Hivi mwanangu," nikamwambia, "wewe ukipewa karatasi kama hii utatoa hela?"

Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Ndipo akanieleza. Wenye nyumba wawili walikwisha kumrudishia karatasi zake, wote wakisema wataitafakari, na wote wakampa kazi mtu mwingine. Huyu alikuwa wa tatu, muuguzi mstaafu mwenye nyumba ya tofali za kuchoma mtaa wa nyuma yangu. "Huyu naye akikataa, mama, narudi Kasansa nikalime mpunga. Mke wangu ameshatangulia huko. Siwezi kukaa Mpanda nalipa chumba cha kuwekea spana."

Muuguzi huyo nilimfahamu, na mtaa mzima ulifahamu yaliyomkuta. Fundi wake wa kwanza alilaza mabomba ukutani, akawaachia waashi wakapiga plasta, akaondoka zake. Haukupita muda ukuta wa bafu ukaanza kulowa, rangi ikabanduka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Simu ya fundi ikawa haipatikani. Sasa mama wa watu alikuwa ameshabomoa plasta yote ili aanze upya, na alikuwa amemwambia huyu wangu sharti moja: alete karatasi ambayo angeielewa hata fundi asipokuwepo.

Nikavaa miwani. Nilianza na swali ambalo mafundi hawalipendi: "Unafanya nini hasa, na hufanyi nini?"

La kwanza alilijibu vizuri mno. Alifumba macho, kidole kikatembea hewani. Maji yanatoka kwenye tenki la juu, yanashuka hadi kwenye koki kuu ya kufungia nyumba nzima, yanagawanyika, njia moja jikoni kwenye sinki, moja bafuni kwenye bomba la mvua, moja chooni. Kisha maji machafu yanatoka kila chumba kwenda kwenye chemba ya nje. Mara nikaelewa ile sentensi yake ndefu. Alikuwa ameandika jinsi maji yanavyotembea. Hakukosea mpangilio hata mahali pamoja. Alichokosa ni nukta na mistari tu. Nikaona aibu kidogo kwa ule utani wangu, ingawa sikumwambia. Nikaipanga kazi hivyohivyo, chumba kwa chumba, kwa njia ya maji, ili mwenye nyumba aweze kutembea na karatasi mkononi kutoka tenki hadi choo.

La pili lilituletea ugomvi.

"Mama, nikiandika nisichofanya, si ataniona mvivu?"

"Nyie mafundi ndivyo mnavyogombana na watu. Plasta atapiga nani?"

"Mwashi."

"Anajua hivyo?"

Akatikisa kichwa. Tukaandika, chini ya kichwa Kazi Isiyohusika: kupiga plasta na kubandika vigae, kuchimba shimo la maji machafu, umeme wa pampu. Mistari mitatu mifupi. Aliitazama kama mtu aliyevuliwa shati hadharani.

Vifaa tulivitoa kwenye sentensi tukaviweka kwenye jedwali: jina la kifaa, ukubwa, idadi, bei ya kimoja, jumla. Yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto yalihesabiwa kwa pisi za mita nne. "Vifaa vidogo vidogo n.k." nikakataa kata kata kuichapa. Akaguna, akatoa kalamu, akavitaja kimoja kimoja: utepe wa kuzungushia nyuzi za koki, gundi ya mabomba ya maji machafu, vishikizo vya ukutani, skrubu. Kumbe alikuwa navyo vyote kichwani. Kisha mwenyewe akaniambia niongeze kwamba mwenye nyumba anaweza kuichukua orodha hiyo akanunue duka lolote analolitaka, mradi ukubwa na aina visibadilike. Hapo nilimtazama upya. Wengi wanaokuja kuchapisha kwangu huficha orodha ili wajipatie cha juu dukani. Huyu alikuwa anampa mteja ufunguo.

Ufundi tukautenga na vifaa, tena kwa hatua: kukata njia ukutani, kulaza na kuunganisha mabomba, kufunga sinki, choo na koki. Na ile "leo" yake tukaipa mwili. Mabomba huku yanakuja kwa lori kutoka mbali na bei inabadilika bila kumuaga mtu, kwa hiyo tukaandika kwamba bei za vifaa ziliulizwa dukani tarehe fulani na zinasimama siku kumi na nne tangu tarehe hiyo. Zikipita, vifaa vinaulizwa upya kabla ya kununua. Bei ya ufundi haiguswi kwa siku sitini, mradi kazi ni ileile. Ikiongezeka kazi, inaandikwa na kukubaliwa kwanza, ndipo ifanyike.

Nikachapa, nikatoa nakala. Ukurasa mmoja na nusu, safi. Nilijisikia vizuri sana, nisiseme uongo. Nikamkabidhi nikisubiri asante.

Hakusema asante. Alivuta stuli, akaanza kusoma kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza. Wateja wawili walikuja wakatoa nakala za vitambulisho wakaondoka, yeye bado anasoma. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akasema kwa upole, "Mama, kupima hakumo."

"Kupima nini?"

"Kupima maji. Mimi niliandika."

Nikaichukua karatasi yake ya vijumba. Ni kweli. Katikati ya ule msitu wa maneno aliandika: na kupima presha kabla ya kuziba na kulaza mpaka kesho yake. Nakumbuka nilivyoupita mstari ule. Haukuwa na kifaa, haukuwa na bei, nikaona ni maneno ya kujazia, nikaufuta. Nikamwambia hivyohivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua: "Hauna bei. Mteja hana haja nao."

"Hauna bei kwa sababu siuuzi," akasema. "Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Akanieleza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kunifundisha mimi. Mabomba yakishaunganishwa, ukuta ukiwa bado wazi, anajaza maji, anatoa hewa yote, anaziba kila mdomo, anafunga pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kuonyesha presha. Anapandisha presha kupita ile ya kawaida ya nyumba, ila si kupita uwezo wa bomba. Mara ya kwanza mshale hushuka kidogo, kwa sababu plastiki inatanuka. Hilo halimtishi, anapandisha tena. Ukitulia, anaweka alama na kuacha hadi kesho. Ukikuta mshale pale pale, mwashi anaruhusiwa. Ukishuka, kuna mahali panavuja, na pasipopatikana hakuna kupiga plasta.

Mwenye nyumba aliyebomoa bafu zima alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, nami nilikuwa nimekifuta kwa sababu hakikuwa na bei. Nilikasirika, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikarudi kwenye kompyuta. Safari hii nikaupa mstari wake kichwa cha habari cha peke yake, Kupima Kabla ya Kuziba Ukuta, na tukaeleza kwa maneno ya kawaida nini kitafanyika, mwenye nyumba aje saa ngapi kuangalia, na kwamba kiungo chochote kitakachovuja, kifaa na ufundi wa kukirekebisha ni juu ya fundi. Sikumtoza nakala ya pili.

Muuguzi alimpa kazi. Aliniambia mwenyewe baadaye, aliposimama dukani kwangu na ile karatasi ikiwa imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa. Kwenye kila chumba kilichokamilika alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akijaza kadi ya mgonjwa.

"Jana nilikuwa Sitalike kwenye msiba, nikalala hukohuko," akasema. "Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuangalia ule mshale. Fundi akanipigia simu asubuhi, nikajua anataka hela. Akasema, mama, mshale umeshuka, usimlete mwashi leo."

"Umeshuka?"

"Elbo moja nyuma ya bomba la mvua. Anasema alipokuwa anaichoma umeme ulikatika, moto haukukolea, akadhani imeshika. Nimemkuta ameshamwaga maji, amekata kipande, anasubiri pakauke aunge kingine. Kanunua mwenyewe." Akaigonga karatasi kwa kidole, pale penye kile kichwa cha habari. "Nilikuwa mbali, dada. Mwashi alikuwa tayari yuko mlangoni na karai lake. Fundi angemwambia apige plasta, ningejua nini mimi?"

Alitoa kalamu nyekundu kwenye pochi, akaiangalia ile sehemu, kisha akairudisha bila kuandika.

"Bado," akasema. "Anapima tena leo. Kesho asubuhi tunakwenda kuutazama wote watatu."

Kesho yake nilichelewa kufungua duka. Nilisimama ndani ya bafu lisilo na plasta, kati ya muuguzi na fundi, tukiwa tumeinama mbele ya saa ndogo kuliko kiganja changu. Mshale ulikuwa pale pale kwenye alama yake. Muuguzi alifunua karatasi, akaibana ukutani kwenye tofali, akaweka vema. Halafu akampa fundi kalamu. Yule kijana wa Kasansa akaandika jina lake chini ya mstari niliokuwa nimeufuta, kwa herufi zilezile za kubanana.