Kichwa cha Sikuzani

Mbaruku alikuwa fundi mwashi, na viganja vyake vilikuwa vimekauka kwa chokaa hata wanawe wakilalamika kwamba vinanasa kwenye nywele. Lakini hapakuwa na usiku waliolala bila viganja hivyo. Baada ya sala ya isha, udhu wake ukiwa bado haujatenguka, huingia chumba cha watoto, akakaa ukingoni mwa kitanda cha kamba, akamwekea Mtoro mkono wa kulia utosini na Mwaija mkono wa kushoto, akasoma taratibu: “Uiidhukuma bikalimatillahit-taammah, min kulli shaytanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah.”

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kueleza, akimaliza huwapa na maana yake. Nawakingeni nyinyi wawili kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, yasiyo na upungufu, na kila shetani, na kila mdudu wa sumu, nge na nyoka na wenzao, na kila jicho la kudhuru. Huwaambia kwamba Mtume ndivyo alivyokuwa akiwasomea wajukuu zake, Hasan na Husein, akiwaambia kwamba baba yao Ibrahimu naye aliwasomea hivyo hivyo Ismaili na Isihaka. Kisha husoma sura za Kulhuwallahu na Falaki na Nasi, akatemea pumzi viganjani, akawapangusa kuanzia vichwa mpaka miguu. Mwaija alikuwa akicheka akifika nyayo.

Mle chumbani mlikuwa na kitanda cha pili, na juu yake alilala Sikuzani.

Sikuzani alikuwa wa Chausiku, mkewe Mbaruku, kwa mume wa kwanza. Mume huyo, Kitwana, alimwacha mkewe akarudi kwao Pangani, na huko akanyamaza kimya. Chausiku alipoingia nyumba ya Mbaruku pale Bagamoyo alikuja na mtoto mgongoni, sura ya baba yake tupu, pua ile ile, na hata kukunja uso kulikuwa kule kule. Mbaruku alimlisha, akamvisha, akampeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani kama watoto wengine, na mtaani hakuna aliyemsema. Ila kichwa kile hakukigusa. Alijiambia kwamba kila mtoto ana babake wa kumsomea, na wa huyu yuko hai, yeye atajitiaje mambo ya watu? Likawa neno zuri mdomoni. Ukweli ni kwamba alikuwa na wivu na mtu aliyekwisha kwenda zake, na wivu ule alimlipiza mtoto.

Sikuzani naye alijua mpaka wake. Mbaruku akiingia chumbani, yeye hugeukia ukutani, au huinuka akajidai kutafuta kandambili. Asubuhi humwamkia vizuri, “Shikamoo,” lakini baada ya shikamoo hatii jina lolote. Mbaruku alilisikia pengo lile kila siku, na kila siku akaitikia marahaba upesi apite.

Mwaka ule wa vijiji vipya, watu walipokuwa wakihamishwa kukusanywa pamoja, Mbaruku alipata kazi ya kujenga ghala huko Msata. Alikaa huko majuma kadhaa. Kuta zilipofika kwenye linta, juu ya milango, saruji ikaisha, mafundi wakaambiwa waende makwao, naye akapanda lori la mkaa bila kupeleka habari nyumbani. Alifika watu wametoka kuswali isha. Akapita uani ili anawe masizi kwanza asije akawatisha watoto, na ua ule unapita chini ya dirisha lao. Lilikuwa wazi kwa joto.

Alisikia sauti ya mtoto wa kike ikisoma, “Uiidhukuma bikalimatillahit-taammah.” Akachungulia. Sikuzani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pale pale anapokaa yeye, mkono wa kulia kwa Mtoro, wa kushoto kwa Mwaija. Alisoma mpaka mwisho bila kosa, akawapa na maana yake, nge na nyoka na wenzao, akatemea pumzi viganjani akawapangusa, na Mwaija akacheka alipofikiwa nyayo.

Mbaruku alifurahi. Tusimfiche, kitu cha kwanza alichoona ni furaha, jinsi kazi yake ilivyoshikwa na mkono mwingine wakati hayupo. Alitaka kuita. Ndipo Mtoro akauliza, “Na wewe dada, nani anakusomea?”

“Mimi mkubwa,” akasema Sikuzani.

Alikuwa na miaka kumi. Akarudi kitandani kwake, akalala chali, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya utosi wake, akanong'ona, “Audhu bikalimatillahit-taammah.” Najikinga. Alisoma yote, na hakuna aliyempangusa.

Mbaruku aliinama akapita chini ya dirisha kama mwizi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alitamani awe bado yuko Msata, alitamani lile lori lingeharibika njiani, ili asiwe ameona. Maana mtu akiona hawezi tena kusema hakujua.

Chausiku alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, hajanawa, hajabisha hodi. Akamuuliza kama anaumwa. Mbaruku akamwambia alichokiona, na kabla hajaulizwa akaanza kujitetea: mtoto ana babake, yuko Pangani, yu mzima.

“Mkono wa Pangani haufiki hapa,” akasema Chausiku. “Na wewe ndiye uliyetuhadithia. Hasan na Husein walikuwa na baba yao, Ali, mzima, humo humo mjini. Kwani Mtume aliacha kuwasomea?”

Habari ile Mbaruku aliihadithia usiku baada ya usiku, mtoto amelala hatua mbili kutoka kwake anasikia. Alimuuliza mkewe kwa nini hakusema miaka yote. Chausiku akasema aliogopa mume akisoma kwa kuambiwa itakuwa kama kumtupia mtoto makombo. Akaingia ndani, akamwachia maji ya kunawa.

Usiku wa pili Mbaruku alitia udhu upya ingawa hakuwa ameutengua. Aliwasomea wale wawili kama kawaida. Sikuzani alikuwa ameinuka anatafuta kandambili zake, naye akamwita. Mtoto akaja haraka, akidhani anatumwa maji, akasimama mbele yake.

“Kaa,” akasema Mbaruku. Kisha yote aliyoyapanga mchana kutwa yakamtoka kichwani. Lililobaki lilikuwa dogo. “Nilikuacha. Kosa ni langu, si lako.”

Sikuzani akatazama chini. Mtu mzima hamwombi mtoto radhi, na mtoto naye hakufundishwa cha kujibu. Akaona aibu kwa niaba yake.

“Nimeshajisomea,” akasema kwa upole, kama mtu anayemkataa mgeni chakula kwa kuwa amekwisha kula.

“Najua. Nilikusikia jana.”

Mtoto alishtuka, na mkono ukamwendea kichwani, kama aliyeshikwa na kitu kisicho chake. Ukabaki pale pale, umefunika utosi. Mbaruku aliinua kiganja chake cha chokaa, akangoja autoe. Hakuutoa. Mbaruku akakiweka juu ya mkono ule mdogo, akaanza kusoma, na ulimi uliozoea kukinga wawili ukakosea neno la kwanza, ikabidi alirudie. Alisoma mpaka mwisho, na alipomaliza hakuweza kujua kama maneno yamefika kichwani au yameishia mkononi.