Maharagwe Makavu ya Yaya

Mwaka ule nilirudi Bukavu baada ya miaka mingi ya kutangatanga, Kalemie, Kindu, kisha Uvira. Kila Jumapili nilipanda hadi kijiji cha Miti kumwona Yaya, dada yangu mkubwa, mjane anayelima shamba alilotuachia baba. Utotoni, Oktoba ilikuwa mwezi wa matope. Tulirudi toka shuleni tumebeba viatu mkononi. Safari hii nilikuta vumbi. Maharagwe ya Yaya yalikuwa yameota, kisha yakaacha kukua na kugeuka rangi ya tumbaku.

Mvua ikarudi ghafla. Mlima mzima ukashika majembe, watu waking'oa makavu na kupanda upya kabla msimu haujafunga. Ila Yaya. Yeye alikaa kwenye ukingo wa shamba na fimbo, akifukuza mbuzi.

“Yaya, unalinda nini? Hii imekufa.”

“Njo nalinda kifo chake,” alinijibu. “Bakikuya, batakuta nini?”

Hao waliongojewa kuja kukagua walikuwa watu wa bima. Yaya aliponunua mbegu kwenye koperative, ule ushirika wa wakulima, bima ya mvua ilikuwa imetiwa ndani ya bei. Niliposikia neno bima, nilinusa utapeli. Katika safari zangu niliwahi kuuziwa kiwanja ambacho mwenyewe alikuwa bado anakaa ndani. Nikamwambia ameliwa.

Jumatatu sikushuka mjini. Nilikwenda koperative kumtafuta agronome, yaani bwana shamba, kijana aliyewauzia wakulima mbegu, nikiwa tayari kwa ugomvi.

“Papa, hakuna mutu atakuya,” alisema kwa upole ulionizidishia mashaka. “Hatupimi maharagi. Tunapima mvua.”

Akanieleza. Ramani imegawanywa miraba, na mashamba yetu yako ndani ya mmoja. Satelaiti inakadiria mvua ya mraba ule, siku kwa siku. Ikiwa jumla ya kipindi cha kuota iko chini ya kiwango kilichoandikwa, kila aliyekata bima mle ndani analipwa kwa simu, kadiri ya mbegu alizonunua. Ikipita kiwango, hakuna malipo, hata shamba lako likiwa jivu.

“Na nani atapanda juu kuona kama hiyo hesabu ni ya kweli?” nilimuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilipomfikishia Yaya maneno hayo, aliguna. “Mutu akulipe bila kuona shamba? Hata padri, mbele ya kubatiza, anauliza mutoto iko wapi.”

Siku chache baadaye simu yake ililia. Pesa zilikuwa zimeingia, za kutosha kununua mbegu tena. Nilidhani jambo limeisha. Kumbe ndipo alipoogopa kabisa.

“Ni mutego,” alisema. “Banatoa kwanza, nyuma njo banakuya kuangalia. Bakikuta nimeng'oa, batasema maman huyu ni mwizi. Usiguse ile pesa.”

Wakati huo majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Kila asubuhi ya mvua niliyoamkia kwake niliona msimu ukimponyoka, naye ameshika fimbo. Nilimbembeleza, nikamkasirikia. Kazi bure. Na kusema kweli hata mimi nilikuwa ninatazama barabara.

Aliyekuja ni jirani yake, mama anayelima bondeni, kando ya kinamasi, ambako udongo haukauki. Maharagwe yake yalikuwa mabichi, yamejaa majani. Alifika mbio, simu ndani ya kitenge.

“Maman, nitafungwa!” alinong'ona. “Balinitumia pesa ya ukame. Mimi! Na maharagi yangu iko inacheka!”

Yaya alimkazia macho. “Hakuna mutu alikuya kwako?”

“Hata mumoja.”

“Hata kuuliza?”

“Hata kuuliza. Nimefunika mustari wa barabarani na majani ya ndizi, ili basiione.”

Yaya alicheka hadi akashika kiuno. “Basi wewe njo batakamata kwanza! Mimi niko na kifo ya kuonyesha, wewe uko na nini?” Kisha akatazama bonde, akatazama shamba lake. “Kama balilipa yako,” alisema polepole, “basi habaoni kitu. Habaoni yako, habaoni yangu.”

Mchana ule ule alinituma koperative kununua mbegu kwa ile pesa. Tuling'oa na kupanda, jirani akitusaidia, huku akigeuka kila pikipiki ilipopita.

Tulipofika mstari wa mwisho, ule wa karibu na nyumba, Yaya alinishika mkono.

“Huu uache.”

Niliuacha. Maharagwe mapya yalipotoa maua, mstari ule mkavu ulikuwa bado umesimama, umezungushiwa miiba. Mbuzi akiusogelea, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuokota jiwe.